Mtungi wa kilo 15 umeisha nusu ya muda wake, gesi inakwenda wapi?

BintiFuoni
Assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya gesi. Nyumbani tuko watu sita, na mtungi wa kilo 15 ulikuwa ukitufikisha mwezi na nusu, mara nyengine unapita kidogo. Wa mwisho umekwisha kwa wiki tatu na ushei. Sikupika shughuli, hakuja mgeni, na Ramadhani bado. Nikabadilisha duka nikidhani nimepunjwa, na huu mpya nao naona unakwenda mbio vile vile. Rigyuleta ni ile ile, mpira mpya, harufu hakuna. Baba watoto anasema napika sana. Mie nasema kuna kitu.

Kibonde_Jangombe
Umepunjwa, dada, hakuna jengine. Hii mitungi haijazwi kilo 15 kamili. Jirani yangu alipima wake akakuta pungufu. Siku hizi mie sinunui mpaka uwekwe kwenye mizani mbele yangu.

BiMkubwa_Bububu
Wa alaykum salaam, mwanangu. Maharage unayaloweka usiku? Na sufuria unafunika? Wasichana wa siku hizi wanachemsha maharage makavu, sufuria wazi, moto juu, halafu wanalaumu gesi. Mie maharage na bokoboko hayapandi jiko la gesi kabisa, ni mkaa tu.

FundiMzee
Kibonde hakukosea kusema pimeni. Ila kupunjwa hakutoshi kueleza kisa hiki. Tuseme mtungi ulikuja na kilo 13 badala ya 15, na hiyo ni kupunjwa kweli kweli. Kama 15 zilikuwa zinakwenda siku 45, basi 13 zingekwenda 39. Ili zishuke mpaka siku 24 au 25 lazima zikosekane kilo saba hivi, na hapo hata mtoto anayekubebea mtungi angekwambia mbona huu mwepesi.

BintiFuoni, mwanangu, nijibu haya kabla hatujaendelea. Katika muda huo mmebadilisha jiko? Moto wako una rangi gani, na unafika wapi ukiuweka wa mwisho? Na masufuria yako chini yakoje?

BintiFuoni
Ami, jiko ni jipya, nikimaanisha jipya kwetu. Tumelinunua kwenye vitu vya kontena, limetoka Uingereza, bana nne na tanuri, zuri mno. Tumelianza karibu na mtungi ule uliokwisha haraka. Moto ni mrefu, una ncha za rangi ya chungwa, unapanda ubavuni mwa sufuria. Nilifurahi kwamba lina nguvu. Masufuria ndiyo yamenichosha, yanakuwa meusi kama ya kuni, kila siku nasugua na mchanga.

Kibonde_Jangombe
Rangi ya chungwa si kitu. Sisi tuko kisiwani, hewa ina chumvi, moto wote wa gesi huku una uchungwa kidogo. Kwangu pia uko hivyo na mtungi wangu haukimbii.

FundiMzee
Hapo yakhe umesema kweli, na ndipo watu wanapopotea. Chumvi kwenye hewa, au maji ya wali yakimwagikia bana, hutia moto rangi ya chungwa. Lakini moto wa namna hiyo umbo lake linabaki lile lile: mfupi, umesimama, kitovu chake ni cha buluu, na cheche za chungwa zinapita tu. Sufuria inabaki safi. Moto wa BintiFuoni ni mrefu, ncha zake njano, unalegea na unaacha masizi. Masizi ni gesi iliyokosa hewa ya kuungua yote. Chumvi haileti masizi.

Sasa naomba uangalie nyuma ya jiko, au chini yake, au ndani ya droo ya chini. Patakuwa na kibandiko au kibati chenye maandishi. Tafuta herufi G ikifuatwa na namba, kisha niandikie kama ilivyo.

BintiFuoni
Nimeona. Limeandikwa G20 20 mbar. Chini yake kuna orodha ya bana na kW zake. Kubwa 3.0, mbili za kati 1.75 kila moja, ndogo 1.0.

FundiMzee
Basi tumeshalishika. G20 ni gesi asilia, ile inayoletwa majumbani kwa mabomba huko Uingereza. Gesi ya mtungi yetu ni nyengine, hiyo kwenye vibati huandikwa G30 au G31. Gesi asilia ni nyepesi na ujazo wake hauna joto jingi, kwa hiyo jiko lake huwekewa nozo zenye tundu kubwa. Nozo ni kile kipande cha brasi kilicho chini ya bana, katikati, chenye kitundu cha kupitishia gesi. Gesi yetu ukiipitisha kwenye tundu hilo inatoka nyingi kuliko inavyotakiwa, na hewa inayovutwa na bana haiitoshelezi. Ndiyo moto mrefu, masizi, na mtungi unaokwisha kabla ya wakati.

Lakini usiniamini kwa maneno. Tupige hesabu kwanza, kisha upime.

Kilowati moja ya bana, ikiwashwa moto wa mwisho, inakula gesi ya mtungi kama gramu 73 kwa saa. Hiyo ndiyo namba pekee ya kukariri. Bana yako kubwa ya kilowati 3 ingetakiwa ile karibu gramu 218 kwa saa, na ya kati ya 1.75 ile 127. Majiko yaliyotengenezwa kwa gesi ya mtungi mara nyingi huandikwa gramu hizo hizo kwenye kibati, huna hata haja ya kuzidisha. Sasa niambie, kwa siku ya kawaida bana kubwa inawaka muda gani, na ya kati muda gani?

BintiFuoni
Kubwa tuseme saa moja na nusu ukijumlisha chai ya asubuhi, wali na maji ya kuoga mtoto. Ya kati saa moja, mchuzi na mboga. Ndogo siitumii. Tanuri nimelitumia mara chache tu.

FundiMzee
Saa moja na nusu mara 218 ni 327. Ongeza 127 ya bana ya kati, jumla 454. Lakini hakuna anayepika moto wa mwisho mwanzo hadi mwisho, wali ukishachemka unapunguza. Mie kwa nyumba ya kawaida huchukua thuluthi mbili ya hesabu. Inakuwa kama gramu 300 kwa siku. Gawanya kilo 15 kwa hiyo, unapata siku 50. Sasa wewe ulisema jiko la zamani lilikufikisha mwezi na nusu na kupita kidogo. Hesabu na maisha yako vinakaribiana, kwa hiyo mapishi yako hayana tatizo. Mwambie baba watoto.

Na sasa mtungi wa siku 25. Kilo 15 kwa siku 25 ni gramu 600 kila siku, mara mbili. Nozo ya gesi asilia kwa bana ya kilowati 3 kwa kawaida hupigwa namba 115, yaani tundu la milimita 1.15. Ya gesi ya mtungi ni 85. Gesi inayopita hufuata eneo la tundu, si upana wake. Gawanya 115 kwa 85, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata kama 1.8. Bana yako kubwa haili 218, inakula karibu 400. Ya kati ni mbaya zaidi, 97 badala ya 65, hiyo ni zaidi ya mara mbili. Rudia hesabu ya juu kwa namba hizo uone, itakuja kwenye gramu 590 hivi kwa siku.

Mchangamwingi_Chake
Ami Fundi, nami nimo. Nakaanga chipsi hapa Chake, mtungi wa 15 na bana kubwa ya duara ya presha. Kuanzia magharibi moto uko vizuri, ikifika saa tatu usiku unazimika zimika. Nabadilisha mtungi. Kwa wiki natumia mitungi mingi, faida yote inaingia dukani kwa gesi. Na nozo yangu pia ibadilishwe?

FundiMzee
Yako ni kesi nyengine, lakini nzuri. Nijibu moja: mtungi wako wakati moto unapofifia unatoa jasho?

Mchangamwingi_Chake
Unatoka jasho mpaka chini pana maji. Ukiugusa baridi kama umetoka kwenye friji.

Kibonde_Jangombe
Mwagia maji ya moto, au ulaze ubavu, gesi iliyobaki itatoka. Mie ndo nafanya hivyo ukikaribia kwisha.

FundiMzee
Hasha! Usilaze mtungi unaotumika. Ndani mna gesi ya maji chini na ya hewa juu, na rigyuleta imetengenezwa kupitisha ya juu tu. Ukilaza, maji ya gesi yanaingia kwenye mpira. Tone moja la hayo likifika kwenye bana linafumuka mara mia mbili na zaidi, na moto utakurukia usoni. Kwamba haijakutokea bado si hoja. Na maji ya moto nayo acha, presha ya ndani hujui inafika wapi.

Mchangamwingi, mtungi wako haukuisha. Ili ile gesi ya maji igeuke ya hewa inahitaji joto, na joto hilo inalivuta kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa ya nje. Bana ya presha inavuta gesi kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kupata joto, basi mtungi unapoa, presha inashuka, moto unafifia. Kadiri gesi inavyopungua ndivyo inavyozidi, maana sehemu iliyolowana ndani ni ndogo. Mtungi huo ukiuacha mpaka asubuhi, ukawasha, utawaka vizuri.

Mchangamwingi_Chake
Wallahi kweli. Mara moja dogo alifungua mtungi tuliousema mtupu, ukawaka, tukacheka tu. Mie nilinunua rigyuleta ya saa ili nijue gesi imebaki kiasi gani. Mshale unashuka usiku, asubuhi umepanda tena. Nikasema saa ni mbovu.

FundiMzee
Saa si mbovu, inasoma presha, na presha haisemi umebakiwa na kiasi gani. Madhali ndani mna gesi ya maji hata kidogo, mtungi wenye joto la kawaida unaonesha presha ile ile ukijaa au ukibaki robo. Inashuka mtungi ukipoa, au mwishoni kabisa. Cha kujua kilichobaki ni mizani.

Kabla hujarudisha mtungi unaofuata, upime. Kwenye kola au ubavuni pamepigwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi herufi T.W. na namba. Toa hiyo kwenye unachosoma kwenye mizani. Nina hakika unarudisha gesi ya watu dukani kila wiki, na uliyolipia. Dawa yake ni mitungi miwili iliyounganishwa pamoja kila mmoja utoe nusu, kazi ya fundi hiyo, au mmoja upumzike mwengine ufanye kazi, mbadilishane kabla haujapoa.

Kibonde_Jangombe
Sawa, kulaza nimekuelewa. Lakini suala la kupunjwa sijaliachia.

FundiMzee
Usiliachie. Nalo linapimwa kwa T.W. hiyo hiyo.

BiMkubwa_Bububu
Mie sina kibati wala kW. Nina mtungi wa kilo 6 na jiko limekaa juu yake. Nijueje unakula kiasi gani?

FundiMzee
Bi Mkubwa, wako upime wote ulivyo, mtungi na jiko lake juu. Pika kama unavyopika siku zote, ukimaliza subiri jiko lipoe, pima tena. Kilichopungua ndicho ulichokula. Hayo majiko ya juu mengi hayana rigyuleta, gesi inakuja na presha yake yote, kwa hiyo moto wake unategemea unavyofungua koki. Mtu mmoja anaweza kuula mtungi wa 6 kwa wiki mbili na mwenzake kwa tano, chakula ni kile kile.

BintiFuoni
Ami, nimepima. Kaka yangu anauza samaki Malindi, ana mizani ya kuning'iniza ya kidijiti, inasoma hadi gramu kumi. Nilifunga koki, nikatoa rigyuleta, tukaning'iniza mtungi: 28.46. Nikarudisha, nikaweka sufuria kubwa la maji ya maharage (Bi Mkubwa, yaliloweshwa), bana kubwa moto wa mwisho nusu saa kamili. Nikafunga, nikatoa tena rigyuleta, tukapima: 28.27.

FundiMzee
Gramu 190 kwa nusu saa, 380 kwa saa. Ilitakiwa karibu 109 kwa nusu saa. Umefanya vizuri kutoa rigyuleta mara zote mbili, maana mpira ukining'inia unadanganya mizani.

Bado usiku mmoja. Ukimaliza kupika leo, zima bana zote lakini koki ya mtungi iache wazi, na uuache mtungi juu ya mizani ya sakafu kama mnayo, au pima kabla na baada kwa ile ya samaki. Hilo ni kwa ajili ya kuvuja. Mtungi wako uko wapi?

BintiFuoni
Uko uani, mpira umepitishwa kwenye tundu la ukuta.

FundiMzee
Basi ndiyo nilitaka kujua. Mtungi ukiwa uani huwezi kutegemea pua. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na upepo wa bahari unaipeleka. Inayovuja gramu kumi kwa saa, koki ikiwa wazi mchana na usiku, ni gramu 240 kwa siku, karibu sawa na mapishi ya nyumba nzima, na anayekaa ndani hajanusa kitu. Pamoja na mizani paka povu la sabuni kwenye koki, kiungo cha rigyuleta, na ncha zote mbili za mpira. Povu linalokua ndilo linalosema. Kibiriti kisikaribie.

BintiFuoni
Asubuhi mizani imesoma vile vile, na povu halikukua popote. Halafu leo nimetoa vifuniko vya bana na kutazama nozo kwa tochi. Namba ni ulizozitaja: 115, 97 mbili, na ile ndogo 72. Nimefika mjini, fundi mmoja akasema hakuna haja ya kununua, ataziba kwa risasi na kutoboa upya kwa sindano. Nimpe?

FundiMzee
Usimpe. Tundu la 65 ni sehemu ya milimita, kwa sindano ya cherehani hatalipata, na likienda upande moto utatoka kombo. Nozo za brasi zinauzwa, seti ya gesi ya mtungi ni 85, 65 mbili na 50. Kinachotakiwa ni uzi wa nozo ufanane na wa jiko lako, kwa hiyo toa moja uende nayo dukani. Inafunguliwa kwa spana ya boksi namba 7, polepole.

Na hapa mafundi wengi wanaishia, jiko linabaki nusu. Ukichomoa kitasa cha bana utaona kando ya mhimili parafujo ndogo sana. Hiyo ndiyo inayopima moto mdogo. Kwa gesi asilia imelegezwa, kwa gesi ya mtungi hukazwa mpaka mwisho. Usipoikaza, moto wa mwisho utakuwa sawa lakini ukipunguza hautapungua, na mchuzi wako utaungua. Ukimaliza yote, povu la sabuni tena kabla ya kuwasha.

Mchangamwingi_Chake
Jana nilipima mtungi niliotaka kuurudisha. T.W. 14.8, mizani 17.1. Kilo mbili na gramu mia tatu nilikuwa nampa mwenye duka. Sitaki hata kufikiria ya nyuma.

Kibonde_Jangombe
Mwenye duka angeniambia mie nimefilisika, ningemwamini.

BintiFuoni
Tumebadilisha. Nozo ya 85 na za 65 zilipatikana, ya 50 tumeikosa, bana ndogo tumeiziba kwanza. Moto sasa mfupi, buluu, unakaa chini ya sufuria. Nilidhani chakula kitachelewa, lakini maji yanachemka karibu wakati ule ule, sielewi kwa nini. Nimepima tena nusu saa kwa bana kubwa: imepungua gramu 110.

FundiMzee
Kwa sababu moto ule mrefu ulikuwa unapasha ukuta na kwapa la mpishi, sufuria ilikuwa inapata kidogo.

Kibonde_Jangombe
Na mtungi mpya ulijazwa kiasi gani? Ndilo swali langu tangu mwanzo.

BintiFuoni
Ulipoletwa hatukuupima, ndiyo maana sijui. Huu unaofuata nitaupima mlangoni.

Kibonde_Jangombe
Basi kesi yangu bado haijafungwa.

FundiMzee
Haijafungwa. BintiFuoni, tanuri lina nozo yake peke yake, nyuma ya kile kibati cha chini, nayo bado ni ya gesi asilia. Lina moto uliofungiwa, na moto wa njano mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiliwashe hata kwa keki ya Idi mpaka nozo yake ipatikane. Soma namba iliyopigwa uniletee hapa, na urefu wa uzi wake, maana za tanuri mara nyingi si sawa na za juu.